Intaneti Inayokwama Fundi Akiwa Hayupo

Chukua ofisi ndogo ya chama cha msingi cha ushirika hapa Kitomanga, msimu wa ufuta. Ina kompyuta tatu na ruta ya 4G iliyowekwa dirishani. Kila siku saa nne hivi asubuhi kurasa zinagoma kufunguka, kisha baada ya muda zinafunguka zenyewe. Fundi akifika mchana anakuta kila kitu kinakwenda, anazima ruta na kuiwasha, anaondoka. Kesho saa nne, yale yale.

Dawa ni kuiachia kompyuta kazi ya kungoja. Amri ya `ping` hubisha hodi kwenye kifaa kingine na kupima itachukua milisekunde ngapi kuitikiwa. Ila kubisha mlango mmoja hakutoshi. Bisha mitatu kwa mfululizo: ruta yenyewe, kituo cha kwanza cha mtoa huduma (utakipata kwa `tracert -d 8.8.8.8`, ni anwani inayofuata baada ya ruta), na mahali pa mbali. Kwenye Windows, faili fupi la `.bat` linatosha:

```
@echo off
:anza
echo %date% %time% >> rekodi.txt
for %%a in (192.168.1.1 10.20.0.1 8.8.8.8) do (
  ping -n 1 %%a | findstr "TTL= timed unreachable failure" >> rekodi.txt
)
timeout /t 5 > nul
goto anza
```

Weka anwani zako badala ya mbili za mwanzo. Kompyuta inayorekodi iunganishwe na ruta kwa waya na izuiwe isilale, la sivyo utakuwa unapima Wi-Fi na usingizi wa kompyuta. Kwa siku nzima faili haliongezeki hata megabaiti 4, basi liache wiki. Na kumbuka kwamba saa nne ya mlalamikaji kwenye rekodi itasomeka 10.

Tuseme rekodi ya ofisi yetu inaonyesha hivi: ruta inajibu kwa milisekunde 1 wakati wote. Kule mbali majibu huja kwa 65, lakini kuanzia 10:05 hadi 10:25 yanapanda hadi 900, bila karibu jibu lolote kupotea. Kituo cha mtoa huduma nacho kinapanda vilevile. Majibu yanayochelewa sana lakini yanafika ni dalili ya foleni: kuna kitu kimeijaza njia ya kupandisha data, na kila ombi dogo la ukurasa linasubiri nyuma yake. Hesabu inakubali. Simu ya karani inayohifadhi picha na video za megabaiti 300 mtandaoni, kwenye njia inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde, huchukua dakika 20. Kuthibitisha ni rahisi: saa hiyo, itoe simu kwenye Wi-Fi. Milisekunde zikishuka ndani ya sekunde chache, umempata mhusika. Hifadhi hiyo ihamishiwe usiku, au ruta iwekewe kikomo cha kupandisha kilicho chini kidogo ya uwezo wa njia. Kwa 4G kikomo hicho ni cha kukisia, kwa kuwa uwezo wa mnara hubadilika kila saa.

Sura nyingine husomeka kwa njia hiyo hiyo. Ruta ikiacha kujibu huku laptopu ikiendelea kuandika kwa betri yake, tazama kwanza kama umeme ulikatika. Ruta ikiwa sawa na majibu ya mbele yakipotea wakati hakuna anayetumia njia, shuku mawimbi au mnara. Vituo viwili vya karibu vikiwa safi na nje ya nchi tu pakizorota, tatizo liko mbali, kama Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika. Siku kama hiyo kuwasha upya ruta ni kujichosha. Tahadhari moja: kituo cha kati kikionyesha 400 lakini cha mbali kikabaki 65, puuza. Vifaa vya watoa huduma mara nyingi hujibu `ping` baada ya kumaliza kazi nyingine.

Vipi kuhusu grafu za SNMP? Ruta nyingi za 4G za bei nafuu hazina SNMP kabisa, MikroTik inayo. Ukiiwasha, badilisha neno la siri la `public`, kisha elekeza programu kama MRTG kwenye mlango unaotoka nje. Grafu itakuonyesha ujazo wa njia, jambo ambalo `ping` inakuachia ulikisie. Lakini MRTG kwa kawaida husoma kila baada ya dakika 5 na kuchora wastani. Zile dakika 20 za simu zitaonekana wazi kama mlima. Mfumuko wa sekunde 30 kwa megabiti 2 utasomeka kama megabiti 0.2 tu, na utaapa kwamba njia ilikuwa tupu wakati rekodi ya `ping` inasema ilikwama. Hapo amini rekodi, na punguza muda wa kusoma hadi dakika 1, jambo ambalo MRTG hulikubali ikitumia RRDtool tu, kabla ya kumpigia simu mtoa huduma.