Kulijua kosa bila kuisoma siri

Kyubiti ya kompyuta ya kwantamu hubeba 0 na 1 kwa pamoja. Ukiipima moja kwa moja, mchanganyiko huo unapotea. Utajuaje basi kama imegeuka?

Hali a|0⟩ + b|1⟩ husambazwa kwenye kyubiti 3: a|000⟩ + b|111⟩. Tuseme ya kati imegeuka, tukapata a|010⟩ + b|101⟩. Kyubiti 2 za msaada huuliza tu: ya kwanza na ya pili zinafanana? Hapana. Ya pili na ya tatu? Hapana. Kosa liko katikati. Ya kati inageuzwa tena. Uzuri wote uko hapa: 010 na 101 hutoa majibu yaleyale, hivyo a na b hazifichuki.

Zikigeuka mbili, tiba hiyo hukosea. Kosa linalogeuza + kuwa − halionekani kabisa. Mwaka 1995 Peter Shor alionyesha kyubiti 9 zinavyoweza kulirekebisha.