Mbolea Iliyoishia Mstari wa 47

Shangazi yangu analima ekari moja ya mahindi wilayani Mbozi. Msimu mmoja alinunua mfuko wa DAP wa kilo 50, akavuta kamba, akachimba mashimo kwa nafasi ileile iliyoandikwa kwenye pakiti ya mbegu. Alipofika mstari wa 47 mbolea ikaisha. Mistari ilikuwa 85. Wiki chache baadaye shamba lilikuwa limejigawa lenyewe: upande mmoja kijani kibichi, upande wa pili miche iliyodumaa yenye kingo za majani za rangi ya zambarau, dalili ya mahindi yanayokosa fosforasi.

"Nimefuata yote niliyoambiwa," alisema. "Mfuko umeandikwa kilo 50 kwa ekari. Dukani wakaniambia kizibo kimoja cha soda kila shimo. Kosa langu liko wapi, baba?"

Niliomba anitolee pakiti ya mbegu na mfuko wa mbolea. Bahati nzuri hakuwa amevitupa. Lebo zote mbili zilikuwa za kweli. Ila kila moja ilisema nusu ya habari. Mfuko wa mbolea unasema kilo ngapi kwa eneo. Pakiti ya mbegu inasema shimo hadi shimo ni sentimita ngapi. Shimo moja linahitaji gramu ngapi, hakuna lebo iliyoliandika. Hilo mkulima analitoa mwenyewe kwa kuzikutanisha lebo mbili, na kizibo cha dukani kilikuwa kimejibu kabla ya swali kuulizwa.

Tukaanza na mashimo. Pakiti yake ilisema sentimita 75 mstari hadi mstari, sentimita 30 shimo hadi shimo, punje moja kila shimo. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, na ikiwa ya mraba kamili kila upande una karibu mita 64. Gawa upande mmoja kwa 0.75 upate mistari 85, gawa mwingine kwa 0.3 upate mashimo kama 212 kwa kila mstari. Zidisha: mashimo 18,000 na ushei. Kilo 50 ni gramu 50,000, na ukizigawa kwa 18,000 kila shimo linapata gramu 2.8.

Kisha tukapima kizibo. Tulikijaza DAP hadi ukingoni, tukasawazisha kwa kidole, tukamimina kwenye mfuko mwepesi wa plastiki. Tulifanya hivyo mara 20, tukaupeleka mfuko kwenye mzani wa duka. Zilitoka gramu 100, maana yake gramu 5 kwa kizibo. Basi kilo 50 zilitosha vizibo 10,000, na 10,000 kwa 212 ni mistari 47. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mkono wangu haukuiba."

Kizibo kimoja kwa shimo si ushauri wa uongo. Unakubaliana na nafasi nyingine, ile ya sentimita 75 kwa 60 yenye punje mbili kila shimo. Hapo mashimo ni 9,000 tu kwa ekari, kila moja linastahili gramu 5.6, na kizibo kinakaribia sana. Miche inabaki ileile 18,000. Mwenye duka hakuuliza nafasi, naye shangazi hakujua kuwa nafasi inahusika. Kwa hiyo kabla hujapokea kipimo chochote cha kizibo, kiganja au vidole vitatu, uliza kwanza ni cha nafasi gani.

Kwa msimu uliofuata tulitafuta kifuniko kidogo cha chupa ya dawa ya matone, tukakiosha vizuri. Mara 20 za DAP zilitoa gramu 55, yaani gramu 2.75 kila mara. Kilifaa. Lakini usikiamini kifuniko hichohicho kwa urea. Urea ni nyepesi kuliko DAP kwa ujazo uleule, na kwetu mara 20 zilitoa gramu 43 tu. Kila mbolea ipimwe upya.

Kuna mtego mwingine unaokaa kimya kwenye mfuko. Kiwango huweza kuandikwa kwa hekta, si kwa ekari, na alama yake ni kg/ha. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Ukiona kilo 125 kwa hekta, gawa kwa 2.5 upate kilo 50 kwa ekari. Anayesoma 125 kana kwamba ni za ekari atanunua mifuko miwili na nusu mahali pa mmoja. Na ekari yenyewe ihakikishwe. Watu husema ekari ni hatua 70 kwa 70, na ni kweli ikiwa hatua yako inakaribia mita moja. Tembea hatua 20, pima kwa futi kamba. Ukikuta mita 15, hatua yako ni sentimita 75, na shamba lako la hatua 70 kwa 70 ni karibu theluthi mbili tu za ekari.

Namba tatu kubwa za mbele ya mfuko nazo ziingie kwenye hesabu. DAP huandikwa 18-46-0: katika kila kilo 100 mna kilo 18 za naitrojeni, 46 za fosfeti, na potasiamu hakuna. Ndiyo maana ni mbolea ya kupandia, kwa sababu mche mchanga unahitaji fosforasi karibu na mizizi. Urea ni 46-0-0, naitrojeni tupu, ya kukuzia. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mwaka ambao urea imekwisha dukani utaambiwa uchukue CAN, mfuko kwa mfuko. Soma namba ya kwanza. CAN yenye 26 ina kilo 13 tu za naitrojeni kwa mfuko, hivyo kuzifikia zile 23 unahitaji kilo 88, yaani mfuko mmoja na robo tatu. Usipoongeza, mahindi yatakueleza kwa majani ya chini, yanayoanza kugeuka manjano kutoka nchani na kushuka katikati ya jani kama herufi V.

Kwa upande wa mbegu, wengi hutazama tarehe ya mwisho na kuishia hapo. Tarehe hiyo ilinganishwe na siku ya kupanda, si siku ya kununua. Mbegu iliyonunuliwa Agosti ikiwa na mwisho wa Oktoba haifai kusubiri mvua za Novemba. Karibu na tarehe huandikwa asilimia ya uotaji, na hiyo ndiyo inayokuambia ununue kiasi gani. Yetu ilikuwa 90. Ili kupata miche 18,000 tunahitaji punje 20,000. Tulihesabu punje 100, tukazipima, zikawa gramu 35. Punje 20,000 ni kilo 7, na kwa kuwa pakiti ni za kilo 2 tulinunua nne. Mbegu yenye punje kubwa itahitaji kilo zaidi kwa mashimo yaleyale, ndiyo sababu kilo za jirani si lazima ziwe zako.

Asilimia ya kwenye lebo ni ya siku mbegu ilipopimwa. Pakiti iliyokaa miezi chini ya bati kwenye joto inaweza kuwa imeshuka huku tarehe yake ikiwa bado nzuri. Tandika gazeti lenye unyevu, panga punje 100, likunje, liweke kwenye mfuko wa plastiki uliolegea, na usiliache likauke. Siku ya saba hesabu zilizoota vizuri, zenye mzizi na chipukizi. Zikiwa 80, gawa 18,000 kwa 0.8: sasa unahitaji punje 22,500, kama kilo 8 hivi. Zikiwa 50, irudishe dukani pamoja na pakiti. Hapo ndipo namba ya kundi inapofanya kazi, maana kwayo mbegu hufuatiliwa hadi ilikotoka. Mbegu ya kupimiwa kwa kikombe haina namba hiyo, na sishauri mtu ainunue hata kwa nusu bei. Hapa Tanzania kagua pia lebo ya TOSCI, ukwangue sehemu yake na kufuata maelekezo ya kuhakiki. Wasomaji wa Kenya wana stika ya KEPHIS, ambayo namba yake hutumwa kwa ujumbe kwenda 1393. Punje zilizopakwa rangi zina dawa. Zinazobaki zisipelekwe jikoni wala kwa kuku.

Mbolea za chumvichumvi haziozi kama mbegu zinavyokufa. Adui yao mkubwa ni unyevu. Fungua mfuko uingize mkono. DAP iliyogandamana mabonge hugoma kupimika kwa kifuniko, shimo moja likapata kingi na lingine halina kitu. Mfuko uliofumuliwa na kushonwa upya, au usiofika uzito ulioandikwa, uache hapohapo dukani.

Yote hayo tuliyaandika kwenye ukurasa mmoja wa daftari:

| | Mbegu | DAP, kupandia | Urea, kukuzia |
|---|---|---|---|
| Lebo inasema | 75 × 30, punje 1, uotaji 90 | 18-46-0, kilo 50 kwa ekari | 46-0-0, kilo 50 kwa ekari |
| Shamba langu, ekari 1 | Mashimo 18,000, pakiti 4 | Mfuko 1 | Mfuko 1 |
| Kila shimo | Punje 1 | Gramu 2.8, kifuniko sawia | Gramu 2.8, kifuniko chenye kichuguu |
| Lini na vipi | Mvua ikishika | Siku ya kupanda, udongo wa vidole viwili kati yake na mbegu | Mahindi magotini, udongo una unyevu, ifukiwe |
| Tarehe ya mwisho na namba ya kundi | | | |
| Kilichotokea | | | |

Ule udongo wa vidole viwili usipuuzwe, kwa sababu DAP ikigusa punje huunguza chipukizi, na utadhani mbegu ilikuwa mbovu. Urea nayo ikiachwa juu ya udongo, sehemu ya naitrojeni yake hupotea hewani.

Jedwali likiwa tayari, mkono bado unaweza kukosea, hasa mkiwa wapandaji watatu. Tuligawa mfuko kwa ndoo: kilo 6 kwa kila mistari 10. Msimu uliofuata, ndoo ya kwanza ya kijana aliyekuja kusaidia iliisha mstari wa saba. Shangazi hakugombana naye. Alichukua kifuniko, akakisawazisha mbele yake kwa kidole gumba, akamrudishia. Ndoo ya pili iliisha mstari wa 17, shimo la tatu kabla ya mwisho. Kwenye safu ya "Kilichotokea" shangazi aliandika kwa penseli: mfuko umeisha kabla ya mstari 85.