Saa Nne Isiwe Saa Kumi: Tovuti ya Hoteli kwa Msomaji wa Kiswahili

Hoteli nyingi za pwani yetu zilifungua tovuti zao kwa Kiingereza, zikimlenga mtalii anayeshuka kwenye ndege na dola mfukoni. Sasa zinamtaka pia mgeni wa nyumbani: familia ya Dodoma inayotafuta bahari wikiendi, maharusi wa Morogoro, kikundi cha akina mama waliomaliza mzunguko wa mchezo wao. Hapo ndipo tovuti inapotafutiwa Kiswahili, na kazi huanza na sifa za ukurasa wa mbele, mchanga mweupe na machweo ya kupendeza. Mimi ninayeifanya kazi hii nasema ianze kwenye ukurasa wa kubuku chumba. Hapo ndipo mgeni anapotoa fedha yake, na hapo karibu kila kitu ni namba.

Tuchukue mfano wa hoteli ya ufukweni Bagamoyo na familia moja kutoka Dodoma: baba, mama na watoto wawili. Wanataka kufika Ijumaa, tarehe 5 Desemba 2025, na kuondoka Jumapili. Watateremka Dar es Salaam kwa treni ya SGR, kisha watashika barabara ya Bagamoyo. Tovuti imeshageuzwa Kiswahili, maneno yote yanasomeka, lakini mfumo uliopo chini yake ulinunuliwa Marekani.

Kitu cha kwanza wanachokutana nacho ni tarehe. Baba anaandika 05/12/2025. Kwetu hiyo ni tano Desemba, lakini Mmarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo mfumo unasoma tarehe 12 Mei. Baba ana bahati, kwa sababu Mei imeshapita na mfumo unakataa. Angekuwa anabuku mwezi Januari kwa ajili ya tarehe 5 Juni, mfumo ungesoma 6 Mei, ungepokea kimyakimya na kumtumia risiti. Ugonjwa huu unajificha vizuri. Ukijaribu tovuti kwa tarehe 25, mfumo unagoma mara moja kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, nawe unaliona kosa. Ukijaribu kwa tarehe yoyote kuanzia 1 hadi 12, unaweza usigundue kitu. Kwa hiyo anayekagua ajaribu tarehe ndogo, kisha asome risiti inasemaje. Na dawa yake ni rahisi: mwezi uandikwe kwa jina, "5 Desemba 2025", kwenye kalenda, kwenye risiti na kwenye ujumbe wa simu.

Kalenda yenyewe ina shida nyingine. Mifumo mingi hukata jina la siku na kubakiza herufi tatu za mwanzo. Ukifanya hivyo kwa Kiswahili unapata Jum, Jum, Jum, Jum, Jum, halafu Alh na Iju. Siku tano zinafanana. Kalenda zetu za ukutani zilishalimaliza jambo hili zamani kwa J'mosi, J'pili, J'tatu, J'nne na J'tano. Mtengenezaji wa tovuti apewe orodha hiyo aiingize kwa mkono, asiachie mashine ikate yenyewe.

Halafu kuna hesabu ya kulala. Tovuti ya Kiingereza huhesabu usiku, na anayefasiri haraka ataandika kwamba chumba kimeshikwa "usiku wa Ijumaa na usiku wa Jumamosi". Kwa desturi ya Waswahili, siku huanza jua linapotua. Mzee wa pwani akisikia usiku wa Ijumaa anaelewa ule unaofuata Alhamisi jioni, na ndiyo maana magazeti yetu huandika "usiku wa kuamkia Jumamosi" pasiwe na ubishi. Kijana wa mjini yeye anaelewa Ijumaa usiku. Watu wawili wanasoma sentensi moja, na mmoja wao anafika siku moja kabla akiwa na mabegi. Kwenye risiti usiutaje usiku kabisa. Andika: "Mnafika Ijumaa, 5 Desemba 2025. Mnaondoka Jumapili, 7 Desemba 2025. Mnalala siku mbili."

Saa ndizo zinazoleta hasara kubwa kuliko yote. Tovuti ya Kiingereza inasema mgeni apokee chumba 2:00 PM na kukiachia 10:00 AM. Nimeona kurasa zilizoandika "saa 2 mchana" na "saa 10 asubuhi". Saa mbili mchana haipo. Mgeni atakisia saa mbili asubuhi, afike mapema, akae na watoto kwenye viti vya mapokezi kwa muda wa saa sita akisubiri chumba kifanyiwe usafi. Saa kumi nayo ni alfajiri, kabla hata ya adhana, na hakuna mwenye akili atakayeamini kwamba hoteli inamtoa mtu kitandani wakati huo. Kinachotakiwa ni saa nane mchana na saa nne asubuhi. Usitegemee kompyuta kukufanyia hesabu hii. Kanuni za Kiswahili zilizomo kwenye mifumo, zile zinazoitwa kwa alama ya sw-TZ au sw-KE, hutoa saa kwa mtindo wa 14:00, hazigeuzi kuwa saa nane.

Na si lazima zigeuze kila mahali. Msomaji wetu anaiona 14:00 kwenye simu yake na kuisoma saa nane bila kusita. Kinachomchanganya ni namba iliyobaki ya Kiingereza kuvalishwa neno la Kiswahili. Kanuni ninayofuata ni hii: kwenye visanduku vya kuchagua saa, acha 14:00 na 10:00. Kwenye sentensi, andika kwa maneno pamoja na wakati wa siku, kisha uweke namba pembeni: "Vyumba vinapatikana kuanzia saa nane mchana (14:00)." Hapo hata Mkenya wa Nairobi anayechanganya saa za lugha mbili hapotei.

Tufike kwenye fedha. Bei ya Kiingereza ya hoteli hii ni dola 55 kwa mtu mmoja, wakilala wawili chumbani, bila VAT. Tuseme dola moja ni shilingi 2,500. Mfumo wa kubadili fedha unazidisha na kuonyesha TZS 137,500.00. Mama wa Dodoma anasoma hiyo kuwa ni bei ya chumba, kwa sababu gesti na hoteli alizozoea hutaja bei ya chumba. Anapiga hesabu ya siku mbili: 275,000. Ukweli ni kwamba watu wazima wawili ni 275,000 kwa siku moja, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 324,500, na kwa siku mbili ni 649,000. Tofauti ya 374,000 inamkuta mapokezi, mbele ya watoto walioshavaa nguo za kuogelea. Hakuna aliyemdanganya, lakini ndivyo atakavyojisikia, na ndivyo atakavyosimulia akirudi Dodoma.

Kwa hiyo bei ya Kiswahili haitafsiriwi, inapangwa upya. Mwenye hoteli aamue bei ya shilingi inayosimama yenyewe, tuseme 325,000, isiyopanda na kushuka kila asubuhi kwa kufuata dola. Iandikwe kwa chumba, kodi ikiwemo, na ielezwe ndani yake kuna nini: "TSh 325,000 kwa chumba kwa siku, watu wazima wawili, chai ya asubuhi na VAT vimo." Senti zifutwe, maana mifumo mingi huongeza .00 yenyewe mpaka izuiwe. Watoto watajwe kwa miaka, yupi analala bure na yupi analipiwa. Tanzania Bara jambo hili lina sheria pia: kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutangaza au kutoza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa mambo yaliyotajwa humo.

Usiandike "Sh" peke yake kama ukurasa unasomwa pia Mombasa. Shilingi ya Kenya ina thamani ya karibu mara 20 ya yetu, na mgeni wa Mombasa akiona Sh 325,000 atafunga ukurasa kwa mshtuko. Andika TSh au KSh. Na kwa wageni wa Lubumbashi au Goma kumbuka kwamba Kongo hutenga maelfu kwa nukta, 325.000.

Vipimo ni vyepesi zaidi, ila vina mtego wake. Nyuzijoto ziwe za selsiasi: 82 za Kimarekani ni kama 28 zetu. Futi za mraba za chumba zigeuzwe mita za mraba, 350 ziwe kama 33. Maili ziwe kilomita, na ukishageuza ondoa usahihi usio na maana, "kilomita 32.19" ni maili 20 zilizopita kwenye kikokotoo, na msomaji anataka kuambiwa kama kilomita 30. Lakini kitanda usikiguse. Kitanda kwetu kinanunuliwa kwa futi, sita kwa sita au tano kwa sita, hata na mtu aliyesoma mita maisha yake yote. Ukimwandikia sentimita 183 atatafuta rula. Mwandikie sita kwa sita, ataona mara moja kama mtoto mdogo atalala katikati.

Kuhusu sauti ya maandishi, Kiingereza cha hoteli hupiga kelele na kuharakisha: buku sasa, usikose, vyumba vinaisha. Kwa Kiswahili hiyo ni sauti ya mpiga debe stendi. Mwenyeji hukaribisha kwanza, kisha husema alicho nacho. Mgeni wetu atataka kujua mapema kama nyama ni halali, kama baa iko mbali na bwawa la watoto, kama anaweza kuogelea akiwa amejisitiri. Masharti ya mwenendo yaombwe: "Tunaomba wageni wetu wasiingie na chakula kutoka nje." Lakini masharti ya fedha yasipambwe kwa adabu mpaka yakapotea. Nimeona "huenda tukashindwa kurejesha malipo" mahali ambapo fedha hairudi hata iweje. Andika wazi: "Ukighairi zikiwa zimebaki siku mbili au chini ya hapo, fedha hairudishwi." Heshima kwa mgeni ni pamoja na kumwambia hilo kabla hajabonyeza namba ya siri ya M-Pesa.

Kabla ya kuiweka hewani, mpe simu mtu asiyewahi kuuona ukurasa wa Kiingereza, abuku chumba mwenyewe. Akimaliza muulize mambo matatu bila kumruhusu kurudi nyuma: unafika siku gani, unaingia saa ngapi, utalipa kiasi gani jumla. Akikosea hata moja, tovuti haijawa ya Kiswahili bado. Wenye hoteli, lipieni kwanza kazi ya ukurasa huo na risiti yake. Sifa za ufukwe zinaweza kusubiri mwezi ujao.