Jinsi ya Kusoma Ripoti ya Deni la Serikali

Kila mwaka, baada ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 Juni, Hazina ya Taifa ya Kenya hutoa ripoti ya deni la umma. Magazeti huchota humo tarakimu moja kubwa, mara nyingi ile ya jumla ya deni, na kuiweka ukurasa wa mbele. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Ripoti hiyo inazungumzia mambo matatu tofauti, yaani nakisi, deni la umma na ulipaji wa deni, na msomaji asiyeyatenganisha atadhani serikali imekopa kumbe imelipa, au deni limepungua kumbe limeongezeka.

Hebu tuchukue mwaka wa fedha wa 2023/24. Ulikuwa mwaka mgumu, na unaonyesha yote matatu waziwazi.

Nakisi: pengo la mwaka mmoja

Nakisi ni kiasi ambacho matumizi ya serikali yamezidi mapato yake katika mwaka mmoja wa fedha. Mapato ni kodi, ada na misaada. Matumizi ni mishahara, dawa, barabara, mgao wa kaunti na kadhalika. Katika mwaka huo pengo lilizidi shilingi bilioni 800, takriban asilimia 5 ya pato la taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zilizozalishwa nchini kwa mwaka.

Lipo jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita. Riba ya mikopo huhesabiwa ndani ya matumizi, kwa hiyo inaongeza nakisi. Lakini kurudisha fedha zenyewe zilizokopwa, yaani mkopo halisi bila riba, hakuhesabiwi humo. Ndiyo maana serikali inaweza kuwa na nakisi ya bilioni 800 na bado ikakopa zaidi ya hapo mwaka huohuo: sehemu moja ya mikopo huziba pengo, na sehemu nyingine hulipa mikopo ya zamani iliyoiva.

Riba ya mwaka huo ilikuwa takriban shilingi bilioni 840, karibu sawa na nakisi yote. Maana yake ni kwamba, ukiondoa riba, mapato ya serikali yalikaribia kutosha matumizi yake mengine yote. Pengo la mwaka huo lilitokana hasa na gharama ya madeni ya miaka iliyopita.

Deni la umma: limbikizo la miaka

Nakisi ikizibwa kwa mkopo, mkopo huo huongezwa kwenye deni la umma, ambalo ni jumla ya kila kinachodaiwa siku fulani. Tarehe 30 Juni 2024 deni la Kenya lilikuwa takriban shilingi trilioni 10.6. Zaidi kidogo ya nusu lilikuwa la ndani: hatifungani na dhamana za muda mfupi ambazo serikali huuzia benki, mifuko ya pensheni na wananchi. Lililobaki lilikuwa la nje, linalodaiwa na Benki ya Dunia, nchi kama China, na wawekezaji wa masoko ya kimataifa.

Mwaka mmoja kabla, deni la nje lilikuwa takriban shilingi trilioni 5.4. Sasa lilisomeka kama trilioni 5.2. Je, Kenya ilikuwa imelipa zaidi ya ilivyokopa? La. Ukilihesabu kwa dola, deni hilo lilikuwa limepanda kwa takriban dola bilioni 1. Kilichobadilika ni bei ya dola, iliyoshuka kutoka karibu shilingi 140 mwishoni mwa Juni 2023 hadi takriban shilingi 130 mwaka uliofuata. Deni la dola likiandikwa kwa shilingi hupanda na kushuka pamoja na bei hiyo, hata kama hakuna aliyekopa wala kulipa. Kwa hiyo, ukiona deni la nje limepungua, tafuta jedwali linaloonyesha dola kabla ya kushangilia.

Ulipaji wa deni: fedha zinazotoka

Jambo la tatu ni ulipaji, ambao wahasibu wa serikali huuita kuhudumia deni. Ni jumla ya riba na mikopo halisi iliyorudishwa katika mwaka. Mwaka 2023/24 ulipaji ulizidi shilingi trilioni 1.5, huku mapato ya kawaida ya serikali yakiwa takriban trilioni 2.3. Ndipo ikasemwa kwamba theluthi mbili ya kodi inameza deni.

Kauli hiyo inahitaji uangalifu. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini serikali nyingi hulipa mkopo halisi kwa kuchukua mkopo mwingine. Mfano mzuri ni hatifungani ya kimataifa ambayo Kenya iliuza mwaka 2014, ile iliyozoeleka kwa jina la Yurobondi. Ilikuwa ya dola bilioni 2, riba ya asilimia 6.875 kwa mwaka, na ilipaswa kulipwa yote kwa mkupuo Juni 2024.

Kufikia mwishoni mwa 2023 wawekezaji walikuwa wakijiuliza kama Kenya ingeweza. Shilingi ilizidi kudhoofika, na Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160. Februari serikali iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ikatumia fedha hizo kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani, takriban dola bilioni 1.44. Salio la zaidi ya dola milioni 500 lililipwa Juni. Hofu ikatulia, na shilingi ikapata nguvu.

Sasa fuata alama za shughuli hiyo katika ripoti. Katika ulipaji, inaonekana kama malipo makubwa sana. Katika jumla ya deni, ununuzi huo haukubadilisha karibu chochote, kwa kuwa deni moja limechukua nafasi ya jingine. Katika nakisi ya mwaka huo, malipo ya mkopo halisi hayaonekani kabisa. Lakini gharama ipo, na inajitokeza kwenye riba: dola bilioni 1.44 kwa riba ya zamani zilidai takriban dola milioni 99 kwa mwaka, ilhali dola bilioni 1.5 kwa riba mpya zinadai takriban milioni 146. Nchi ilinunua muda, na itaulipia kila mwaka.

Kwa sababu hiyo, kipimo kinachosema kweli zaidi kuhusu mzigo ni riba dhidi ya mapato. Riba haipati nafuu ya kuahirishwa kama mkopo halisi. Ikifika tarehe, hulipwa. Bilioni 840 kati ya trilioni 2.3 ni takriban shilingi 37 katika kila shilingi 100 za mapato ya kawaida, kabla mwalimu au muuguzi hajalipwa. Na ingawa deni la ndani na la nje karibu yanalingana, takriban robo tatu ya riba ilikwenda kwa wakopeshaji wa ndani. Mikopo ya nje ina sehemu kubwa ya masharti nafuu, kama ile ya Benki ya Dunia, ilhali hatifungani ya miundombinu iliyouzwa nchini Februari 2024 ilibeba riba ya zaidi ya asilimia 18.

Ripoti nyingine itakapotoka, usiishie kwenye jumla ya deni. Tafuta nakisi, kisha uliza ni kiasi gani chake ni riba. Tafuta deni la nje kwa dola. Halafu gawanya riba kwa mapato. Kipimo hicho cha mwisho kikiendelea kupanda mwaka baada ya mwaka, nchi inazidi kuelemewa, hata kama waziri anatangaza kwamba deni limepungua.