Droo Imepungukiwa? Angalia Simu Kwanza

Tuseme umepiga picha ripoti ya jioni: CASH 14,300, MOBILE 9,600. Asubuhi uliacha chenji ya 2,000 kwa droo, kwa hivyo unatarajia 16,300. Unahesabu noti na sarafu, unapata 15,450. Shilingi 850 haziko.

Kabla hujamkaripia keshia, fungua stetimenti ya till yako, ya siku hiyo tu. Inasema 10,450, yaani 850 zaidi ya ripoti. Basi huenda hakuna aliyeiba: mteja alilipa kwa simu, keshia akabonyeza CASH (saa za msongamano hutokea sana). Tafuta malipo ya 850, kisha linganisha saa yake na risiti.

Lakini stetimenti ikisema 9,600 kama ripoti, pesa zimetoka kwa droo kweli. Uliza kwanza kama mtu wa mkate alilipwa bila kuandikwa.