Kiangazi Chuga: Ng'ombe Akikonda, Samadi Inalipa

Oya machalii wa Kisongo, Monduli, Oldonyosambu na kitaa chote kinachozunguka Chuga, huu mchongo ni wenu. Kiangazi kikikolea mambo ni yale yale: majani yanaisha, ng'ombe anabaki mbavu, kila mwenye boma anakimbilia mnadani siku moja na mwenzake, bei inadondoka kinoma. Hapo unauza kwa sababu umebanwa. Ukame wa 2008 na 2009 ulifyeka mifugo kwa maelfu Longido, Monduli na Ngorongoro, na aliyekuwa anategemea kuuza ng'ombe tu alibaki mikono mitupu.

Ila kuna mali moja bomani ambayo bei yake haifuati mbavu za ng'ombe. Samadi. Cheki kalenda uone. Vuli inaanza kuchungulia Oktoba au Novemba, masika Machi. Mkulima anataka mbolea iwe shambani kabla ya mvua, kwa hiyo anaisaka kuanzia Agosti hadi Oktoba, halafu tena Januari na Februari. Juu ya hapo, wenye mifereji inayoshuka Mlima Meru wanalima hata jua likiwaka, na Ngarenanyuki nyanya hazikauki. Yaani miezi ambayo ng'ombe wako hauziki vizuri ndiyo miezi mavi yake yanatafutwa. Na kiangazi yamekauka, mepesi, gari linaingia hadi bomani bila kuzama kwenye tope.

Hesabu ya boma

Tupige hesabu na ng'ombe 20 wa kienyeji. Mmoja wa kilo 200 anaangusha kama kilo 10 za mavi mabichi kwa siku, na sehemu kubwa ya hizo ni maji. Nusu hivi anaiacha machungani. Kinachobaki bomani usiku, kikikauka, ni kama kilo 1. Kwa ng'ombe 20 ni kilo 20 kila usiku. Katika usiku 90 unapata kilo 1,800, sawa na magunia 45 ya kilo 40. Ukiuza gunia buku tatu, hiyo ni laki moja na elfu thelathini na tano kabla ya kutoa hela ya magunia na wabebaji. Hiyo bei ni ya mfano, ulizia ya kwenu.

Mzigo wenyewe uko kwenye boma la zamani. Eneo la mita 10 kwa 10 lenye samadi iliyoshindiliwa sentimita 30 lina mita za ujazo 30. Debe la lita 20 la samadi kavu lina kama kilo 10, kwa hiyo hapo umelalia madebe 1,500, karibu tani 15. Elewa kitu kimoja lakini: hiyo imejikusanya miaka. Ukishaichota, mwakani unarudi kwenye magunia 45 kwa kila usiku 90. Usipange maisha kwa hela ya mara ya kwanza.

Usipigwe na dalali

Dalali anapenda kuja na Fuso, anaangalia boma kwa macho, anataja bei ya tripu. Machalii wengi wanapigwa hapo. Pima kwanza: jaza debe, weka kwenye mizani, hesabu madebe yanayoingia kwenye gunia, kisha uza kwa gunia. Lumbesa kataa kabisa, maana kile kilima juu ya gunia ni mzigo wako unaondoka bure.

Na wewe usimzingue mkulima. Ukichimba hadi udongo, unamuuzia mchanga. Anayejua anakukamata kirahisi: anachukua konzi moja, anatia kwenye chupa ya maji, anatikisa, anaacha itulie. Mchanga unazama chini haraka, samadi inakaa juu yake au inaelea. Tabaka la mchanga likiwa nene, kesho harudi. Kwa hiyo unapokwangua, simama pale rangi inapoanza kubadilika.

Umbali nao ni ishu. Gunia zima la kilo 40, hata samadi ikiwa nzuri, lina naitrojeni kidogo sana ukilinganisha na mfuko wa yurea. Nguvu ya samadi ni kulainisha udongo na kuushikisha maji, na inahitajika nyingi. Ukilipia gari safari ndefu, faida inaishia kwenye mafuta. Tafuta wateja wa karibu: wenye migomba na kahawa miteremkoni, wenye nyanya, na vijana wa bustani za maua pembezoni mwa barabara mjini. Hawa wa maua wanataka iliyochekechwa, kwenye mifuko midogo, na kwa kilo wanalipa zaidi ya mtu wa Fuso.

Kuipika

Samadi mbichi inaunguza miche, na mbegu za magugu alizokula ng'ombe zinaota shambani kwa mteja. Dawa ni kuivundisha. Fanya hivyo Mei mvua zikiwa zinaishia, au karibu na mfereji, kwa sababu maji ndiyo kikwazo. Rundika upana mita moja na nusu, kimo mita moja na kitu, ukichanganya na mabua ya mahindi. Mabua yaliyotandikwa bomani ni bora zaidi, yameshanyonya mkojo, na mkojo una naitrojeni nyingi. Funika kwa majani au turubai, jua na mvua visiibe nguvu.

Choma fimbo hadi katikati, iache kidogo, ichomoe. Ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Ikitoka kavu na imepoa, ongeza maji. Ikinuka vibaya, maji yamezidi, geuza. Pindua kila baada ya wiki mbili hivi. Baada ya miezi miwili au mitatu itakuwa nyeusi, haina moto, inanukia udongo. Kabla ya kuuza, panda maharage machache kwenye kopo lenye mchanganyiko wa samadi hiyo na udongo. Yakiota bila kuungua, mzigo uko freshi.

Pa kukaza

Boma ni la mzee, siyo lako. Kaa naye chini muelewane kabla gari halijaja, na yeyo aachiwe ya kukandika nyumba. Usikwangue maboma yote ya zamani pia. Boma lililohamwa huota majani mazuri, na hayo ni malisho yenu.

Halafu kuna kimeta. Ng'ombe akifa ghafla na damu isiyoganda ikamtoka puani au nyuma, usimpasue, usimle, ita daktari wa mifugo. Samadi ya boma hilo usiuze hadi aseme, kwa sababu vijidudu vyake vinakaa ardhini miaka mingi na vinaua watu.

Hela ikiingia, ya kwanza nunua pumba na mabua mapema, kabla bei ya chakula cha mifugo haijapaa. Laki na kitu haitalisha ng'ombe 20 hadi mvua, lakini inaweza kuwabeba wale wawili wenye ndama na yule mtamba unayemtegemea mwakani. Hao ndio ungewapeleka mnadani kwa bei ya kutupa. Wakifika vuli wakiwa hai, wewe ndiye utakayechagua siku ya kuuza.