Kutafuta namba za simu zilizo wazi katika orodha ya wafanyakazi

Ofisi inapounganishiwa simu, kampuni ya simu mara nyingi huipa fungu la namba zinazofuatana, kwa mfano namba mia moja zinazotofautiana tarakimu za mwisho tu. Tarakimu nne za mwisho hugeuka kuwa namba za ndani: 4200, 4201, 4202 na kuendelea hadi 4299. Mwanzoni namba hizo hugawiwa kwa mpangilio, chumba baada ya chumba. Miaka michache baadaye mpangilio huwa umevurugika. Watu wamehama idara, wengine wamestaafu, wapya wamepewa namba yoyote iliyopatikana siku ile. Anapoajiriwa karani mpya na kuhitaji simu, hakuna anayejua kwa hakika ni namba ipi haina mwenyewe.

Kuzisaka kwa macho katika orodha iliyopangwa kwa majina hakufai, kwa sababu kinachotafutwa ni kitu ambacho hakimo kwenye orodha. Jicho huona kilichopo, pengo hulipita. Kazi ya lahajedwali hapa ni kulifanya pengo lionekane, na kuna njia mbili za kufanya hivyo. Moja hupanga namba na kupima umbali kati ya kila namba na inayoifuata. Nyingine huandika fungu lote kamili, kisha huuliza kila namba kama imo kwenye orodha ya watumishi. Njia ya kwanza ni ya haraka na hufichua makosa mengi. Ya pili ndiyo ya kutegemewa kwa jibu la mwisho.

Mfano wa kufuatia ni ofisi yenye fungu la 4200 hadi 4299 na orodha ya mistari 88 iliyotoka idara ya utumishi. Safu A ina namba, safu B ina majina. Mstari wa kwanza ni vichwa vya safu, hivyo data inaanzia mstari wa 2 na kuishia mstari wa 89. Kazi yote hufanyika kwenye nakala, si kwenye orodha yenyewe.

Kabla ya kupanga chochote, sharti ijulikane kama namba zote ni namba kweli machoni pa programu. Orodha zinazonakiliwa kutoka barua pepe au mfumo mwingine huja na namba ambazo Excel inazichukulia kama maandishi. Kwenye skrini zinafanana kabisa na nyingine, isipokuwa kwamba kwa kawaida maandishi hukaa upande wa kushoto wa seli na namba hukaa kulia. Kipimo cha uhakika ni fomula hii, ambayo huhesabu namba halisi tu:

```
=COUNT(A2:A89)
```

Ikileta 88, mambo ni mazuri. Ikileta 81, seli saba zina maandishi, na hizo ndizo zitakazoharibu kazi, kwa sababu Excel ikipanga kuanzia ndogo hutanguliza namba zote na kuyaweka maandishi chini yake. Namba 4217 iliyo maandishi itajikuta mkiani, na mahali pake katikati patabaki pengo la uongo. Dawa yake ni kuandika `=VALUE(TRIM(A2))` kwenye safu iliyo tupu, kuishusha hadi mstari wa 89, kisha kunakili matokeo na kuyabandika kama thamani juu ya safu A. `TRIM` huondoa nafasi za ziada mwanzoni na mwishoni, na `VALUE` hugeuza maandishi kuwa namba.

Sasa orodha inaweza kupangwa kuanzia namba ndogo. Hapa kuna kosa moja linalouma kuliko mengine yote. Mtu akichagua safu A peke yake na kubofya kupanga, Excel humuuliza kama apanue uteuzi (`Expand the selection`) au aendelee na alichochagua (`Continue with the current selection`). Akichukua la pili, namba hupangwa na majina hubaki palepale, na kuanzia hapo kila mfanyakazi ana namba ya mwenzake. Hakuna alama yoyote ya hitilafu itakayotokea, na faili likishahifadhiwa na kufungwa, uhusiano wa majina na namba zake hauwezi kurudishwa kutoka kwenye faili hilo. Ndiyo maana ya kufanyia kazi nakala.

Baada ya kupanga, safu A inasomeka 4201, 4202, 4203, 4203, 4204, 4207 na kuendelea. Kwenye seli C3 huandikwa fomula ya kutoa namba ya juu kutoka ile iliyo chini yake, kisha hushushwa hadi mwisho:

```
=A3-A2
```

Matokeo ya safu C husomwa hivi: 1 maana yake namba mbili zinafuatana bila pengo. Tofauti ikiwa 3, kama kati ya 4204 na 4207, zimekosekana namba mbili, 4205 na 4206. Idadi ya zilizokosekana daima ni pungufu kwa moja kuliko tofauti. Sifuri maana yake namba imejirudia. Katika mfano huu 4203 imejirudia kwa sababu watunza ghala wawili wanatumia simu moja, jambo ambalo si kosa. Lakini 4261 nayo imejirudia, na hapo mmoja kati ya wawili hao alihamia tawi jingine bila jina lake kufutwa. Lahajedwali haiwezi kujua kisa kipi ni kipi; huonyesha tu mahali pa kuuliza. Tofauti hasi nayo ikitokea, ni ishara kwamba orodha haikupangwa sawasawa, na mara nyingi chanzo ni yale maandishi yaliyosahauliwa.

Njia hii ina upofu kwenye ncha zake. Orodha inaanza na 4201, kwa hiyo hakuna tofauti yoyote itakayoonyesha kwamba 4200 haimo. Mwishoni namba mbili za mwisho ni 4296 na 4320, na tofauti yake ni 24. Hilo ni jambo la kusimama na kulitazama, kwa kuwa 4320 haimo katika fungu la ofisi hata kidogo. Mtu aliichapa vibaya, na namba halisi ya mfanyakazi huyo bado haijulikani.

Wengine hujaribu mkato: wanaandika fungu lote kando ya orodha iliyopangwa na kuzitazama safu mbili bega kwa bega. Mkato huu huvunjika kwenye pengo la kwanza. Namba moja ikikosekana upande wa orodha, zote zinazofuata hupanda hatua moja, na kuanzia hapo hakuna mstari unaolingana na mwenzake. Inawezekana kuzirudisha kwenye mstari kwa kuingiza seli tupu kila penye pengo, alimradi seli za namba na za majina zishushwe pamoja. Kwa namba ishirini kazi hiyo inavumilika. Kwa mia moja ni bora kuiachia fomula.

Fungu lote huandikwa katika safu E: 4200 kwenye E2, 4201 kwenye E3, kisha seli hizo mbili huchaguliwa na kuburutwa kwa kona ya chini hadi E101, ambako panapaswa kuwa 4299. Kwenye F2 huwekwa fomula inayohesabu namba ya E2 inatokea mara ngapi katika orodha ya watumishi, na hushushwa hadi F101:

```
=COUNTIF($A$2:$A$89,E2)
```

Alama za dola zina kazi kubwa. Ndizo zinazoifungia orodha mahali pake fomula inaposhushwa. Zikiachwa, eneo linalohesabiwa huteremka pamoja na fomula: kwenye F3 litaanzia A3, na namba 4201 iliyoko A2 itakuwa nje ya hesabu. Fomula itatoa sifuri kwa namba yenye mwenyewe, na itafanya vivyo hivyo kwa 4202 na 4207. Dalili yake ni kwamba namba zilizo wazi zinakuwa nyingi kupita kiasi, na baadhi zinaonekana kwa macho palepale kwenye safu A.

Fomula ikiwa sahihi, sifuri ni namba isiyo na mtu, 1 ni ya mtu mmoja, 2 ni ya watu wawili. Kichujio kikiwekwa juu ya safu F na kuchagua sifuri tu, zinabaki namba 15. Hesabu hii hukaguliwa kwa kujumlisha safu F yote. Jumla inatakiwa kuwa sawa na idadi ya mistari, yaani 88. Hapa inaleta 87, na huo mmoja uliopotea ni ile 4320 iliyo nje ya fungu. Mbili kati ya 87 ni marudio ya 4203 na 4261, hivyo zilizotumika ni 85, na mia ukitoa 85 ni 15. Hesabu imefunga.

Wenye Excel 2021 au Microsoft 365 wanaweza kupata orodha hiyo kwa fomula moja, bila kuandika fungu wala kupanga chochote:

```
=FILTER(SEQUENCE(100,1,4200),COUNTIF(A2:A89,SEQUENCE(100,1,4200))=0)
```

Ni fupi, lakini haionyeshi marudio wala namba ya nje ya fungu, kwa hiyo inafaa zaidi orodha ambayo tayari imesafishwa.

Zile 15 bado si namba za kugawa. Kilichothibitishwa ni kwamba hazimo katika orodha ya utumishi, na orodha hiyo huandika watu tu. Swichibodi ya ofisi hii iko 4200, faksi 4255, na simu ya dharura ndani ya lifti 4280. Hakuna hata moja yenye jina la mfanyakazi. Kumpa karani mpya 4280 ni kukata simu ya mtu aliyekwama kwenye lifti. Namba 4230 nayo imo kati ya zile 15, na inafanana mno na 4320: tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Ikipigwa, anapokea yuleyule mfanyakazi aliyeandikiwa 4320. Zikiondolewa hizo nne, zinabaki 11.

Ili kuzipata namba za aina hiyo bila kubahatisha, huombwa orodha ya pili kutoka kwa fundi anayesimamia mtambo wa simu, yenye kila namba iliyosajiliwa kwenye mtambo. Orodha hiyo huwekwa katika safu nyingine, na `COUNTIF` ya pili huandikwa kando ya ile ya kwanza. Namba yenye sifuri pande zote mbili ndiyo iliyo wazi. Yenye sifuri kwa utumishi na 1 kwenye mtambo ni kifaa, chumba cha mikutano, au simu ya mtu aliyeondoka ambayo haijafutwa. Ya mtu aliyeondoka hufaa ipumzishwe kwa muda kabla ya kugawiwa tena, kwa kuwa wateja wake wa zamani bado wataipiga. Yenye 1 kwa utumishi na sifuri kwenye mtambo ina maana kwamba mfanyakazi ameandikiwa namba ambayo haiiti popote, na huyo anapaswa kuulizwa siku hiyohiyo anatumia simu gani.